Gari la Nyumbani Singida: Kununua, Kupanda au Kukodi

Katika mji wa Singida, mtumishi wa serikali au mfanyabiashara wa kadiri anapofikia umri wa makamo, akawa amekwisha kuezeka nyumba yake na watoto wake wakawa wameanza shule, aghalabu hukabiliwa na swali ambalo jamaa na majirani humjibia kabla yeye mwenyewe hajalitafakari, nalo ni kwamba atanunua gari lini. Swali hilo huulizwa kana kwamba ununuzi ni jambo lililokwisha kukatwa shauri na kilichobaki ni tarehe tu. Muradi wa makala haya ni kulirudisha swali nyuma hatua moja, tuulize kama gari la nyumbani lafaa kununuliwa au halifai kabisa, na tulijibu kwa hesabu ya mahali hapa hapa, kwa kuwa jibu la mkazi wa Dar es Salaam halimfai mkazi wa Singida mjini, wala jibu la huyu halimfai yule anayekaa Nduguti.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe, maana njia ndiyo hakimu wa kwanza katika shauri hili. Mkoa umepitiwa na barabara kuu za lami: moja yatoka Dodoma, ikapita Manyoni na Ikungi hadi Singida, kisha ikaendelea Iguguno na Misigiri na kuteremka mlima Sekenke mpaka Shelui, ikielekea Igunga na Nzega, nyingine yatoka Singida kwenda Katesh na Babati hata Arusha, na ya tatu yaanzia Manyoni kupita Itigi kwenda Tabora. Juu ya njia hizi hupita mabasi ya Mwanza, Bukoba, Kahama, Arusha na Dar es Salaam, mchana na, tangu serikali ilipoondoa katazo la safari za usiku mwaka 2023, usiku pia. Na baina yao huchomoza Kosta, Haisi na Noah zinazoviunganisha vitongoji na miji midogo. Lakini ukiiacha lami na kushika njia za ndani za Mkalama, za pande za Sepuka au za bonde la Wembere, mambo hugeuka: changarawe hugeuka udongo, udongo hugeuka ule mweusi wa mbugani ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, hunata na kuteleza hata magurudumu yakazunguka mahali pamoja, na makorongo yaliyokuwa makavu asubuhi hujaa maji jioni.

Sasa, jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala zima, na ambalo wanunuzi wengi hulitambua baada ya fedha kwisha kutoka, ni hili: gari ambalo mtu wa kipato cha kadiri aweza kulinunua ni gari dogo lililotumika, la mfano wa Toyota IST, Vitz au Passo, lenye tumbo lililo karibu na ardhi na magurudumu membamba; na gari la namna hiyo hufika salama mahali pale pale ambapo basi hufika, na hushindwa pale pale ambapo basi hushindwa. Mtu hulinunua akiwaza shamba lake la alizeti lililo ndani, wazazi wake walio kijijini na msiba utakaotokea katikati ya masika, ilhali gari lenyewe humpeleka Ikungi, Manyoni na Dodoma, yaani kule ambako tangu zamani alikuwa na usafiri wa kutosha. Lile gari ambalo lingemfikisha alikokusudia, lenye kuendesha magurudumu manne na kuinuka juu ya mawe, bei yake ni mara mbili, tatu au nne ya lile dogo, na mafuta yake kadhalika.

Ili tusibishane kwa hisia, na tuchukue mfano wa kudhania tuufuatishe mpaka mwisho. Tuseme yuko mtumishi anayekaa Singida mjini na kufanya kazi Ikungi, wilaya iliyoundwa mwaka 2012 na ambayo makao yake yako kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini kwa njia ya Manyoni, lami tupu. Ana mke na watoto watatu, na amejiwekea shilingi milioni 12, ambazo kwazo aweza kupata IST ya injini ya sentimita za ujazo 1,300 iliyokwisha kusajiliwa nchini. Bei zote nitakazozitumia, isipokuwa zile nitakazozitaja kuwa ni za mamlaka, ni za makadirio, na msomaji yuko huru kuziondoa na kuweka zake. Namna ya kuhesabu ndiyo iliyo muhimu.

Gharama za gari ni za aina mbili, na ni sharti zitenganishwe. Ya kwanza ni gharama ya kuwa nalo, ambayo mwenyewe huilipa hata gari likilala uani mwezi mzima. Ya pili ni gharama ya kulitembeza, ambayo huongezeka kwa kila kilomita. Wenye magari wengi huijua ya pili, kwa sababu huilipa mkononi kila wanaposimama penye pampu ya mafuta, na huisahau ya kwanza, kwa sababu hakuna mtu anayekuja mlangoni kuidai.

Katika ile ya kwanza, kubwa ni kupungua kwa thamani. Gari la milioni 12 likitumika miaka sita likauzwa kwa milioni 7, limekula milioni 5, yaani takriban shilingi 830,000 kwa mwaka. La pili ni faida iliyoachwa: katika miaka hiyo fedha iliyofungiwa ndani ya bati na matairi ni wastani wa shilingi milioni 9 na nusu, na kama ingewekwa katika hatifungani za serikali au katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja na kuleta asilimia 10 tu, ingemzalia mwenyewe shilingi 950,000 kila mwaka, na kama fedha hiyo ni ya mkopo, basi badala ya kuacha faida analipa riba, na hesabu yazidi kuwa nzito. Yafuata bima ya lazima, ile ya kumkinga mtu wa tatu, ambayo kwa gari la binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Bima kubwa yenye kumkinga mwenye gari mwenyewe huzidi hapo mara kadhaa. Mwisho ni uharibifu wa umri, ambao haungoji safari: betri hufa kwa kukaa, mipira ya miguu ya mbele hukauka, rejeta huziba, na matairi, kwa jua na ukavu wa hewa ya Singida, hupasuka ubavuni hata yakiwa na meno mapya. Tukiuwekea uharibifu huo shilingi 500,000 kwa mwaka, jumla ya kuwa na gari inafika kama shilingi milioni 2 na laki 4 kwa mwaka, yaani laki mbili kila mwezi, kabla ufunguo haujazungushwa.

Hapa yafaa niseme neno juu ya kodi, kwa sababu wapo wanaodai kwamba tangu serikali ilipoifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017, kuwa na gari hakuna mzigo tena. Ni kweli ada ilifutwa, lakini mzigo wake ulihamishiwa katika ushuru wa mafuta, ukamwangukia anayetembeza. Na kodi iliyo kubwa zaidi imekwisha kulipwa bandarini, nayo imo ndani ya ile milioni 12: ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu ya hayo tozo ya uchakavu kwa magari yaliyopita miaka minane, ambayo huwa asilimia 30 kwa yaliyotimiza kumi. Mamlaka ya Mapato hukokotoa hayo yote kwa thamani iliyomo katika orodha yake, si kwa risiti ya muuzaji wa Japani. Kwa hiyo anayenunua gari kuukuu ananunua kwa sehemu kubwa kodi ambayo hawezi kuiendesha.

Gharama ya kutembeza ni rahisi zaidi kuitaja. Bei ya juu ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Singida huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya masafa ya kuyasafirisha. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, na gari likienda kilomita 12 kwa lita moja katika mwendo wa mchanganyiko, kila kilomita yala shilingi 250 za mafuta. Tukiongeza oili na chujio lake kila kilomita 5,000, matairi, breki na shokapu, ambazo kwa njia zetu huchoka mapema, tuweke shilingi 100 nyingine, ikawa 350.

Na sasa tulilinganishe gari na basi. Kwa viwango vya nauli ambavyo LATRA iliviweka kuanzia Desemba 2023, basi la daraja la kawaida halipaswi kumtoza abiria zaidi ya shilingi 48.47 kwa kilomita, kwa hiyo kutoka Singida hadi Ikungi nauli ni kama shilingi 2,000. Njia hiyo hiyo, gari la mtumishi wetu lala mafuta ya shilingi 10,000. Msomaji na asimame hapa kidogo aizingatie nambari hiyo, maana ndani yake mna jambo lisilotarajiwa na wengi: gari likijaa watu watano, dereva akiwa mmoja wao, ndipo mafuta peke yake yanapolingana na nauli zao za basi, na bado matairi, oili, bima na thamani inayopotea havijalipwa na mtu. Katika njia ya lami yenye mabasi hakuna wingi wa kilomita utakaoligeuza gari dogo kuwa nafuu. Kadiri anavyokwenda zaidi ndivyo hasara inavyoongezeka. Ile kauli ya kwamba "mimi nasafiri kila siku, kwa hiyo gari litanilipa" ni kinyume kabisa cha hesabu.

Kwa siku 230 za kazi, mtumishi huyu akipanda Kosta kwenda na kurudi, na bodaboda ya shilingi elfu moja kutoka nyumbani hadi stendi asubuhi na jioni, atatumia shilingi 6,000 kwa siku, au kama milioni 1 na laki 4 kwa mwaka. Akiendesha gari lake atatumia shilingi 28,000 kwa siku, na pamoja na ile gharama ya kuwa nalo mwaka utamgharimu karibu milioni 8 na laki 8. Tofauti ni milioni 7 na laki 4. Atasema, na ana haki kusema, kwamba gari humwokolea wakati, kwa kuwa Kosta husubiri ijae na husimama kila penye mti wenye kivuli. Haya, tumpe saa moja nzima kila siku: basi kila saa aliyoiokoa ameinunua kwa shilingi 32,000 na zaidi, ilhali mshahara wa milioni moja kwa mwezi ni chini ya shilingi 6,000 kwa saa. Kama saa hiyo ni ya thamani kubwa kiasi hicho kwake, labda ni afadhali atafute nyumba ya kupanga Ikungi.

Kwa safari ndefu mizani inaelekea upande ule ule. Kutoka Singida hadi Dodoma, mwendo wa kilomita kama 240, nauli kwa viwango hivyo ni baina ya shilingi 12,000 za daraja la kawaida na 16,000 za daraja la kati. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa yampeleka abiria kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa nauli iliyowekwa ya shilingi 31,000 katika daraja la kawaida, kwa muda wa karibu saa nne. Mtu mmoja hufika Pwani kwa chini ya shilingi 50,000, ambapo gari lingekula mafuta ya shilingi 175,000, na dereva angefika macho mekundu. Familia ya watu watano kwa kweli hukaribiana sana na gharama ya kutembeza gari kwa safari hiyo, na katika juma la Krismasi, ambapo mabasi ya kutoka Mwanza na Kahama hupita stendi ya Misuna yakiwa yamekwisha kujaa tangu yalikotoka, gari lina heri yake iliyo wazi. Lakini juma moja kwa mwaka si sababu ya kulisha gari majuma hamsini na moja mengine, na tiketi ikikatwa mapema kwa mtandao shida hiyo hupungua sana.

Ikiwa basi limelishinda gari kwa gharama, gari la kununua lashindana na nini hasa? Lashindana na gari la kukodi. Maana hapana mtu mwenye akili atakayedai kwamba basi latosha kwa kila haja: kuna siku ya kumpeleka mzee kliniki akiwa hawezi kupanda ngazi ya Kosta, siku ya harusi, siku ya kubeba magunia ya vitunguu, siku ya msiba ulioko mbali na lami. Hizo nitaziita siku za gari, na swali lote la kununua lakaa juu ya idadi yake. Tuseme gari dogo la kukodi ni shilingi 80,000 kwa siku bila mafuta. Mwenye gari lake mwenyewe anaokoa fedha hiyo, lakini anachakaza matairi na oili yake, tuseme ya shilingi 12,000 kwa mwendo wa kilomita 120. Kwa hiyo kila siku ya gari yamwokolea shilingi 68,000. Gawanya kwa hizo ile milioni 2 na laki 4 ya kuwa na gari, utapata siku 35 kwa mwaka, yaani kama siku tatu kwa mwezi. Bei ya kukodi ikiwa laki moja, mpaka hushuka hadi siku 27. Chini ya hapo, kukodi ni nafuu. Juu ya hapo, kununua kwaanza kuwa na hoja.

Na siku za gari ni sharti zihesabiwe kwa uaminifu. Mizunguko ya mjini haimo, kwa sababu safari ya kilomita tatu kutoka Mandewa hadi sokoni kwa bodaboda ya shilingi elfu moja ni sawasawa na gharama ya kutembeza gari kwa kilomita hizo hizo, bila hata kutaja mahali pa kuegesha. Siku za shamba la ndani nazo hazimo, ikiwa njia ya huko hailipitishi gari dogo. Pikipiki hupita panapolishinda. Nakiri kwamba bodaboda ndiyo sehemu dhaifu ya mpango huu wote, kwani ajali zake ni nyingi na majeraha yake ni ya miguu na kichwa, na kwa watoto wa shule sipendekezi kabisa wapandishwe watatu watatu nyuma ya kijana mwenye haraka. Bajaji ya makubaliano ya mwezi, yenye dereva mmoja anayejulikana kwa wazazi, ni ghali zaidi lakini ni salama zaidi, na bado gharama yake aghalabu ni chini ya ile laki mbili ya kila mwezi.

Hofu kubwa, hata hivyo, ile inayomnunulisha mtu gari kuliko harusi na vitunguu vyote, ni hofu ya usiku: mtoto amepandwa na homa saa nane, au mama mjamzito ameshikwa na uchungu, na nje hakuna kitu. Sitaki kuipuuza hofu hiyo. Lakini hebu tuutazame mfano uliojengwa nchini mwetu kwa ajili ya usiku kama huo. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na hadi mwaka 2023 ukawa umeenea mikoani, hupokea simu bila malipo kwa namba 115, na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo karibu humwita dereva wa kijiji aliyeandikishwa tangu mapema, aliyekubaliana juu ya malipo, naye humchukua mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mpaka kituo kinachofaa. Kilichouwezesha mfumo huo ni makubaliano yaliyotangulia na madereva na njia ya kuwalipa, pasipo kila kaya kuwa na gari lake. Hayo mtu aweza kuyafanya mwenyewe: madereva wawili wa mtaa wake, si mmoja, walioambiwa mchana bei yao ya usiku, wanaoijua nyumba, na fedha iliyotengwa katika simu ambayo haiguswi kwa jambo jingine.

Nasema wawili kwa sababu tumekwisha kuona yanayoweza kutokea. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, watu wakazoea, hata wengine wakaghairi kununua magari. Aprili 2022 kampuni hiyo ikasimamisha huduma kwa kutokubaliana na masharti ya LATRA kuhusu nauli na kamisheni, isirejee mpaka mwanzo wa 2023. Waliokuwa na njia nyingine hawakudhurika. Katika mji wa kadiri yetu, namba ya simu ya dereva unayemjua ndiyo inayofanya kazi ya programu hizo, na namba moja ni chache.

Kukodi nako kuna mitego yake, na mkodishaji wa mtaani mara nyingi hana mkataba wala ofisi. Tazama kwanza kibao cha namba: cha njano ni cha gari la binafsi, cheupe ni cha gari la biashara. Gari la kibao cha njano likikodishwa kwa ujira, bima yake ya binafsi yaweza kukataliwa siku ya ajali, kwa hoja kwamba lilitumika kinyume na lilivyokatiwa; na aliyekodi ndiye atakayeachwa barabarani na majeruhi. Kisha tazama ubavu wa tairi, mahali penye tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016, na tairi la umri huo halifai kuteremka nalo Sekenke hata likiwa na meno. Uliza kama tairi la akiba na jeki vimo, piga picha ya kila mkwaruzo na ya kipimo cha mafuta, na mwandikiane, hata kwa ujumbe wa simu, nani atakayelipa likiharibika njiani bila kosa la dereva. Na mkishapanda kilima kirefu, jicho liwe kwenye mshale wa joto. Ukipita katikati, simameni, maana rejeta mbovu haijifichi mlimani.

Je, ni lini basi inafaa kununua? Naona hali tatu tu zinazoupindua mwamba huu wa hesabu. Ya kwanza ni kuwapo nyumbani mtu mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu, ambaye safari zake za hospitali hazihesabiki kwa mwezi bali kwa juma; hapo siku tatu huvukwa mara moja, na heshima ya mgonjwa haipimwi kwa shilingi. Ya pili ni gari linaloingiza fedha, kama pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu au alizeti, lakini hilo si gari la nyumbani tena, ni chombo cha kazi, na lihesabiwe katika daftari la biashara pamoja na kodi zake. Ya tatu ni mtu ambaye makazi yake yako nje kabisa ya njia za mabasi na kazi yake yamlazimu kutoka kila siku. Huyu asidanganywe na bei ya gari dogo, anunue lile la kuiweza njia yake au abaki na pikipiki, kwa kuwa IST iliyonasa katika udongo mweusi wa Wembere itamdai trekta la kuivuta, na gharama ya kuvutwa mara mbili tatu kwa msimu huifuta nafuu yote.

Wapo watakaosema kwamba nimesahau heshima. Sijasahau. Wakubwa wetu waliokulia enzi za mabasi ya KAMATA, walioshinda na kulala stendi wakingoja gari lisilokuja, walikuwa na haki ya kuliona gari la nyumbani kuwa ni uhuru wenyewe, na watoto wao wamerithi shauku hiyo pamoja na simulizi. Lakini stendi ya Misuna ya leo si stendi ya enzi hizo, na mtu anayetumia zaidi ya nusu ya mshahara wake ili asionekane akishuka katika Noah ameuuza uhuru ule ule aliotaka kuununua.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji uliyekwisha kuanza kupita kwa madalali, usilipe kwanza. Chukua daftari, na kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, miezi ambayo mvua huonyesha njia ilivyo kwa kweli, andika kila siku ambayo ulihitaji gari la peke yako na hakuna basi, bajaji wala pikipiki ambayo ingefaa, ukaandika na mahali ulikokwenda. Katika miezi hiyo hiyo tenga laki mbili kila mwezi, na siku za gari zilipie kutoka humo. Mwezi wa Aprili hesabu siku na uhesabu fedha. Zikiwa zimezidi tisa na fungu limekauka, nunua, na uchague gari kwa kutazama majina ya mahali yaliyomo katika daftari lako. Zikiwa chini ya hapo, usinunue.